Bima Ikikata Madai ya Hospitali, Nani Alipe?

Swali moja limekuwa likitufikia mara kwa mara kutoka kamati za parokia, ingawa kila kamati huliuliza kwa maneno yake. Mgonjwa mwenye kadi ya bima ametibiwa, amelipa sehemu yake dirishani, na amerudi nyumbani akiwa na stakabadhi mkononi. Baada ya miezi miwili au mitatu hospitali inampigia simu. Inamwambia kuwa kampuni ya bima imekataa kulipa sehemu ya gharama, kwa hiyo aje amalizie. Mgonjwa hana fedha hizo, anakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yake, na mwishoni mfuko wa huruma wa parokia unafunguliwa.

Kamati hutuuliza kama zilifanya sawa kulipa. Jibu letu ni kwamba haiwezekani kujua kabla ya kusoma sababu ambayo bima imeiandika. Mara nyingi fedha zinazodaiwa si deni la mgonjwa hata kidogo. Mara nyingine sehemu yake ni deni lake halali. Na ipo hali ya tatu ambayo wengi hawaifahamu: bima ikikata madai, mgonjwa anaweza akawa yeye ndiye anayeidai hospitali. Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na hivyo karatasi za namna hii zitazidi kuonekana katika vikao vyetu.

Karatasi moja, madeni mawili

Ankara ya hospitali kwa mgonjwa mwenye bima huonekana kama deni moja lililokatwa vipande viwili. Ukweli ni kwamba ni madeni mawili ya watu wawili tofauti, na kila moja lina mkataba wake.

Deni la kwanza ni mchango wa mgonjwa. Hili linatokana na makubaliano kati ya mwanachama na bima yake, kwamba akitibiwa atabeba sehemu fulani ya gharama. Kwa kawaida hulipwa pale pale kabla ya kutoka. Deni la pili ni madai ya hospitali kwa bima. Hili linatokana na mkataba mwingine kabisa, ambao hospitali na kampuni ya bima wametia sahihi bila mgonjwa kuwapo. Ndani ya mkataba huo mna orodha ya bei zilizokubaliwa, aina ya huduma zinazohitaji kibali, siku za kuwasilisha madai, na namna ya kukata rufaa pale madai yanapokataliwa.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Bima inapokata sehemu ya madai, inakata katika deni la pili. Sehemu iliyokatwa haihamii yenyewe kwa mgonjwa eti kwa sababu jina lake liko juu ya ankara. Mikataba mingi ya aina hii huwa na kifungu kinachokataza hospitali kumdai mwanachama fedha zilizokataliwa kwa kosa la hospitali, au tofauti kati ya bei ya hospitali na bei iliyokubaliwa. Kamati isiyojua kwamba kifungu hicho kipo haitakiuliza.

Kuhusu mchango wa mgonjwa, tuseme tu kwamba haupangwi kwa namna moja kila mahali. Nchini Rwanda bima ya watumishi wa serikali iliyoanzishwa mwaka 2001 ilipanga kwamba mwanachama alipe asilimia 15 na bima ilipe asilimia 85. Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani mwezi Oktoba 2024, iliweka kiwango kimoja ambacho yenyewe italipa kwa kila uzazi: shilingi za Kenya 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Makampuni binafsi ya bima mara nyingi huweka ama fedha taslimu kwa kila ziara, ama asilimia ya gharama za kulazwa. Sisi hapa tutafuata mfano wa asilimia, kwa kuwa ndio wenye hesabu inayowapotosha watu wengi.

Ankara ya mwalimu

Mfano huu tumeutengeneza kutokana na aina ya ankara zinazoletwa kwetu, na tarakimu tumezirahisisha ili zifuatike kwa urahisi. Mwalimu wa shule binafsi alianguka na pikipiki akavunjika mfupa wa paja. Alilazwa katika hospitali ya kanisa, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Shule yake ilikuwa imewakatia walimu bima katika kampuni binafsi, na masharti yalisema mwanachama akilazwa atachangia asilimia 20.

Siku ya kutoka ankara ilikuwa hivi. Kulala wodini siku 9 kwa shilingi 40,000 kwa siku, jumla 360,000. Upasuaji pamoja na dawa ya usingizi, 900,000. Chuma na skrubu zake, 650,000. Eksirei na vipimo vya damu, 190,000. Dawa na vifaa, 300,000, na ndani ya vifaa hivyo mlikuwa na magongo ya kutembelea ya shilingi 50,000. Jumla yote shilingi 2,400,000.

Asilimia 20 ya fedha hizo ni 480,000. Familia ilichangishana, jumuiya ikaongeza, mwalimu akalipa na kupewa stakabadhi. Akatia sahihi fomu ya madai, akaenda nyumbani. Hospitali ikabaki kuidai bima shilingi 1,920,000.

Kwa mwalimu, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa hospitali ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Safari ya madai

Madai hayapelekwi siku ile ile. Karani wa madai hukusanya fomu za mwezi mzima, huzipanga, na kuzipeleka kwa pamoja. Siku hizi hospitali nyingi huzituma kwa kompyuta, lakini kinachotumwa ni kile kile: namba ya uanachama, ugonjwa uliogunduliwa na namba yake ya kitaalamu, kila huduma na bei yake, sahihi ya daktari, sahihi ya mgonjwa, na namba ya kibali pale inapohitajika.

Huko kwenye bima, wakaguzi huangalia mambo ambayo kwa mtu wa kawaida huonekana madogo. Je, tarehe ya kulazwa kwenye fomu inalingana na ile ya kibali? Je, ugonjwa ulioandikwa unaeleza kwa nini kipimo fulani kilifanyika? Je, kila siku ya kulala ina maandishi ya daktari? Je, bei ni ile ya orodha? Mkaguzi hakumwona mgonjwa wala hatamwona. Kwake yeye, jambo lisiloandikwa halikufanyika.

Hapa tuseme neno juu ya kibali, maana tumekuta hata wauguzi wazoefu wakikielewa vibaya. Bima ikitoa kibali cha upasuaji, inasema kwamba kwa taarifa ilizopewa upasuaji huo umo katika mafao ya mwanachama. Haijasema kwamba italipa kiasi chochote kitakachoandikwa baadaye. Bei na kumbukumbu bado vitakaguliwa. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa "kibali kimetoka, usiwe na wasiwasi" ameambiwa nusu ya habari.

Jambo lingine ambalo kamati zinapaswa kulijua ni namna fedha zinavyorudi. Bima hailipi mgonjwa mmoja mmoja. Hutuma fedha za mamia ya wagonjwa kwa mkupuo, pamoja na taarifa ya malipo inayoonyesha, kwa kila mgonjwa na kila huduma, kilichodaiwa, kilichokubaliwa, kilichokatwa na sababu. Hospitali yenye ofisi dhaifu ya uhasibu huangalia jumla tu. Inaona iliomba milioni 40 ikaletewa milioni 34, na inaanza kutafuta milioni 6 zilizobaki kwa yeyote ambaye namba yake ya simu ipo. Tumesikia hata hospitali ikigawa makato kwa wagonjwa wote wa mwezi kwa uwiano. Hilo si halali hata kidogo, kwa kuwa anayelipa hapo huenda madai yake hayakukatwa hata senti.

Simu ya shilingi 224,000

Turudi kwa mwalimu. Taarifa ya malipo ilipofika, bima ilikuwa imekata mambo matatu katika ankara yake. Ilikata siku 2 za kulala, shilingi 80,000, ikieleza kwamba katika faili hamna maandishi ya daktari kwa siku hizo. Ilikata shilingi 150,000 katika bei ya chuma, kwa kuwa orodha ya bei iliyokubaliwa ilisema 500,000 wakati hospitali iliandika 650,000. Na ilikata magongo, shilingi 50,000, kwa kuwa vifaa vya kutembelea havimo katika mafao ya mwanachama.

Jumla ya vilivyokatwa ni 280,000, hivyo gharama zilizokubaliwa zikashuka kutoka 2,400,000 hadi 2,120,000. Bima ikalipa asilimia 80 ya hizo, yaani 1,696,000. Hospitali ilikuwa ikitarajia 1,920,000, hivyo ikapungukiwa shilingi 224,000. Ndizo alizopigiwa simu mwalimu azilipe.

Msomaji aangalie vizuri hapo. Hospitali ilichukua pengo lake lote na kulifanya deni la mgonjwa, bila kutenganisha sababu tatu ambazo hazifanani. Tuzichukue moja moja.

Tuanze na bei ya chuma. Hospitali ilitia sahihi orodha inayosema 500,000. Kuandika 650,000 ni kosa lake, au ni matumaini yake, lakini si deni la mgonjwa. Zaidi ya hapo, mwalimu alikwisha kutoza asilimia 20 ya bei hiyo isiyokubaliwa. Alilipa 130,000 kwa chuma ambacho mchango wake halali ulikuwa 100,000. Kwa hiyo katika kipengele hiki hospitali inapaswa kumrudishia shilingi 30,000. Hili ndilo jambo ambalo karibu hakuna anayelitazama: mchango wa asilimia huhesabiwa kwa gharama iliyokubaliwa, na gharama ikishuka mchango nao hushuka.

Siku mbili za kulala ni suala jingine. Mwalimu alilala kweli siku hizo, na huduma alipewa. Kilichokosekana ni maandishi. Hapa hospitali haina haki ya kumgeukia mgonjwa kabla ya kukata rufaa kwa bima, kwani mgonjwa hana uwezo wowote juu ya kile daktari anachoandika katika faili. Rufaa ikikubaliwa, bima italipa asilimia 80 ya 80,000, yaani 64,000, na 16,000 alizokwisha kulipa mwalimu zitabaki mahali pake. Rufaa ikishindwa, hasara ni ya hospitali, na zile 16,000 zirudi kwa mwalimu.

Magongo ndiyo yenye deni la kweli. Kitu kisichokuwamo katika mafao ni cha mwanachama mwenyewe kwa asilimia 100. Mwalimu alikwisha kulipa 10,000 kwa magongo hayo kupitia ile asilimia 20, hivyo amebakiza 40,000. Hata hapa ipo haki moja: alipaswa kuambiwa kabla, ili achague kuyanunua hospitalini au kwa fundi wa mtaani. Hospitali makini huwa na karatasi fupi ambayo mgonjwa hutia sahihi kukiri kwamba kitu fulani hakilipiwi na bima yake. Pasipo karatasi hiyo, deni linabaki la mazungumzo.

Sasa tujumlishe. Anadaiwa 40,000 za magongo, anadai 30,000 za chuma. Rufaa ya siku mbili ikikubaliwa, mwalimu atapaswa kulipa shilingi 10,000 tu. Rufaa ikishindwa, hospitali ndiyo itakayomrudishia shilingi 6,000. Mfuko wa huruma ulikuwa karibu kutoa 224,000.

Wale wanaopenda kuhakiki wanaweza kuianza hesabu upande wa pili. Gharama halali pasipo magongo na pasipo nyongeza ya chuma ni 2,200,000. Asilimia 20 yake ni 440,000. Ongeza magongo 50,000, unapata 490,000. Mwalimu alilipa 480,000. Tofauti ni zile zile 10,000.

Rufaa ina saa yake

Katika mfano wetu mkataba uliipa hospitali siku 30 za kukata rufaa tangu kupokea taarifa ya malipo. Mikataba hutofautiana, lakini yote huweka kikomo, na kikomo kikipita bima haina wajibu wa kusikiliza. Hii ndiyo sababu simu inayompigia mgonjwa baada ya miezi mitano ni ya kutiliwa shaka. Pengine maana yake ni kwamba siku za rufaa zilipita karatasi zikiwa mezani, na sasa anatafutwa mtu wa kubeba.

Kamati ya parokia ilipoandika barua kuomba nakala ya ukurasa wa mwalimu katika taarifa ya malipo, zilikuwa zimepita siku 12. Mhasibu alipofungua faili aligundua kwamba katika siku zile mbili mgonjwa alikuwa na homa, chati ya wauguzi ilionyesha joto lililopanda na sindano alizochomwa, na daktari alimwona lakini maelezo yake aliyaandika katika daftari la wodi badala ya faili. Nakala za chati na daftari zikaambatanishwa na barua ya nusu ukurasa. Bima ikakubali, na 64,000 zikaja pamoja na malipo ya mwezi uliofuata. Mwalimu akalipa 10,000 zake bila manung'uniko.

Si kila rufaa humalizika hivyo. Maandishi yaliyoongezwa baadaye, kwa kalamu nyingine na mwandiko wa haraka, wakaguzi huyatambua. Yakishatambuliwa hospitali hupoteza zaidi ya siku mbili za kulala, kwani faili zake zote huanza kutazamwa kwa jicho la wizi. Kama huduma haikuandikwa popote, ni afadhali kukubali hasara.

Pale mgonjwa anapodaiwa kwa haki

Tusieleweke kwamba hospitali siku zote ndiyo yenye makosa. Zipo hali ambazo makato yanamrudia mwanachama kihalali. Kadi inaweza kuwa imekwisha muda kwa sababu mwajiri hakupeleka michango, na hapo bima haina mkataba naye siku ile; deni linakuwa la mgonjwa kwa hospitali, na yeye atamgeukia mwajiri wake. Kiwango cha juu cha mwaka kinaweza kuwa kimekwisha katikati ya matibabu. Mgonjwa anaweza kuwa alichagua chumba cha peke yake wakati mafao yake ni ya wodi ya kawaida. Au alimwazima ndugu kadi yake, jambo ambalo ni udanganyifu, na kamati isilipie hata kidogo kwa jina la huruma.

Kwa madai ya kiwango kilichokwisha, tunashauri kuomba bima yenyewe ithibitishe kwa maandishi. Mwanachama ana haki ya kujua mafao yake yametumika kiasi gani. Asiporidhika na majibu ya kampuni ya bima, anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo ndiyo inayosimamia makampuni hayo. Ugomvi wa bei kati ya hospitali na bima si wa mgonjwa kuupeleka popote. Hao wawili wana mkataba wao.

Bei zinapobadilika

Ipo sababu moja ya makato ambayo hospitali zetu zimeionja kwa uchungu. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kutumia kitita kipya cha mafao na bei. Hospitali binafsi zilipinga baadhi ya bei hizo, na baadhi yake zilisimamisha kwa muda huduma kwa wanachama wa mfuko huo. Magazeti yaliandika sana juu ya mvutano ule. Kisichoandikwa ni kazi ya kimya inayofuata kila bei zinapobadilika: mtu fulani anapaswa kukaa na kubadilisha kila bei katika kompyuta ya hospitali, dawa kwa dawa, kipimo kwa kipimo.

Kazi hiyo ikicheleweshwa, dirisha la malipo huendelea kuandika bei za zamani. Bima hukata tofauti kwa kila mgonjwa, mwezi baada ya mwezi. Na pale penye mchango wa asilimia, kila mgonjwa anakuwa amelipa zaidi ya anavyopaswa bila kujua. Ishara yake katika taarifa ya malipo ni rahisi kuiona: makato madogo madogo yenye sababu ile ile ya bei, yakijirudia kwa huduma zile zile. Makato ya kumbukumbu hutawanyika ovyo, wodi hii leo na ile kesho. Makato ya bei hujipanga mstari.

Kamati ziombe nini, na wafadhili waulize nini

Kamati ikiletewa ombi la namna hii, isikimbilie kulipa wala isikimbilie kukataa. Iombe karatasi tatu: ankara yenye mchanganuo wa kila huduma, stakabadhi ya mchango alioulipa mgonjwa, na ukurasa wake katika taarifa ya malipo unaoonyesha kilichokatwa na sababu. Karatasi ya tatu ndiyo ambayo hospitali husita kuitoa, ikisema ni siri. Habari za wagonjwa wengine ni siri kweli, lakini mistari inayomhusu mgonjwa mwenyewe anaweza kuiomba, na yeye ndiye atie sahihi barua ya kuiomba. Kama hospitali haiwezi kuonyesha mstari wake, kamati isubiri hadi iweze.

Tunawasihi pia wajumbe wawaeleze wagonjwa wasitie sahihi fomu ya madai ambayo haijajazwa. Ni desturi iliyoenea, kwa sababu siku ya kutoka kila mtu ana haraka na gari la kukodi linasubiri nje. Lakini sahihi ile inathibitisha kwamba huduma zilizoandikwa zilitolewa, na mtu hawezi kuthibitisha ukurasa mtupu. Dakika kumi za kusoma zingemwonyesha mwalimu wetu mstari wa magongo.

Kwa upande wa wafadhili wetu, mara nyingi taarifa za hospitali huonyesha pengo moja liitwalo madeni ya wagonjwa. Tunaomba pengo hilo lipasuliwe katika sehemu tatu: michango ambayo wagonjwa maskini walishindwa kulipa, madai ambayo bima imechelewa kuyalipa, na madai ambayo bima imeyakataa. Sehemu ya kwanza ndiyo inayostahili mfuko wa huruma. Ya pili inahitaji mkopo mfupi wa kununulia dawa wakati wa kungoja, na fedha hizo zinaweza kurudi bima ikilipa. Ya tatu haizibwi na msaada. Ikizibwa mwaka huu itakuwa kubwa zaidi mwaka ujao, maana daftari la wodi litaendelea kubaki wodini na bei za zamani zitaendelea kubaki kwenye kompyuta. Mshahara wa karani mmoja wa madai, anayesoma kila faili kabla halijatoka na kuhesabu siku za rufaa, ni msaada wenye manufaa zaidi kwa sehemu hiyo.

Mwisho ni suala la marejesho. Mgonjwa akigundulika alizidisha mchango, hospitali imwandikie hati ya marejesho yenye namba ya ankara ya kwanza, kisha imlipe kwa fedha taslimu au kwa simu, na ahifadhi nakala pamoja na stakabadhi yake ya awali. Kama mchango ule ulitoka katika mfuko wa parokia, fedha zirudi mfukoni na ziandikwe katika daftari kwa jina la mgonjwa yule yule, ili mkaguzi wa mahesabu azione zilivyotoka na zilivyorudi. Kumwambia mgonjwa kwamba fedha zake "zitahesabiwa akija kuugua tena" hakutoshi, kwani safari ijayo anaweza kutibiwa mahali pengine, na huko hazitajulikana.